Kuiweka bei na kiasi kwenye hatua za soko ili oda isirudishwe

*Swali: Nimeandika roboti ya Python inayonunua na kuuza BTCUSDT kwenye soko la papo kwa papo la Binance. Oda nyingine zinapita, nyingine zinarudi na ujumbe wa `Filter failure: LOT_SIZE` au `PRICE_FILTER`, ingawa natumia `round()`. Nikipunguza desimali, kununua kunakubali lakini kuuza kunakataa. Kosa langu liko wapi, na njia ya uhakika ni ipi?*

Soko halihesabu desimali za oda yako. Linaangalia kama bei uliyoitaja inagawanyika bila baki kwa hatua ya bei ya jozi hiyo, na kama kiasi ulichotaja kinagawanyika bila baki kwa hatua ya kiasi. Kwa Binance, hatua ya bei inaitwa `tickSize` na imo ndani ya kichujio cha `PRICE_FILTER`, na hatua ya kiasi inaitwa `stepSize` na imo ndani ya `LOT_SIZE`. Ukiielewa tofauti hiyo ya msingi, utaona kwa nini `round()` inakusaidia siku moja na kukuangusha siku ya pili.

Chukua mfano wa nje ya sarafu za kidijitali, kwa kuwa unalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mkataba wa E-mini S&P 500 katika soko la CME la Chicago hupanda na kushuka kwa hatua ya pointi 0.25. Bei ya 5321.37 ina desimali mbili tu, sawa kabisa na 5321.25, lakini soko litaikataa ya kwanza na kuikubali ya pili, kwa sababu hakuna idadi kamili ya robo inayokufikisha kwenye 0.37. Hata ukiikadiria bei hiyo kwa desimali mbili mara mia, itabaki batili. Kwenye BTCUSDT hatua za kawaida ni 0.01 kwa bei na 0.00001 kwa kiasi, zote zikiwa ni moja iliyogawanywa kwa kumi mara kadhaa, na ndiyo maana kukadiria desimali kunaonekana kama kunatosha. Kunatosha kwa bahati ya jozi uliyoichagua, na siku utakapoongeza jozi yenye hatua nyingine, programu yako itaanza kurudishiwa oda bila wewe kubadilisha mstari hata mmoja.

Hatua hizo usiziandike kwa mkono ndani ya programu. Ziombe sokoni kwenyewe kwa anwani ya `/api/v3/exchangeInfo?symbol=BTCUSDT`, kisha utafute orodha ya `filters` ndani ya jibu. Hapo utakutana na kishawishi kimoja ambacho huwanasa wengi: jibu hilohilo lina sehemu ziitwazo `baseAssetPrecision` na `quotePrecision`, ambazo mara nyingi zina thamani ya 8. Mtu akiziona hudhani ameruhusiwa kutuma kiasi chenye desimali nane. Hizo zinaeleza jinsi soko linavyotunza namba za sarafu hizo katika hesabu zake, wala hazielezi oda inayokubalika. Kwa upande wa mikataba ya baadaye, nyaraka za Binance zimefika mahali pa kuonya wazi kwamba `pricePrecision` isitumiwe badala ya `tickSize`. Kwa hiyo soma `tickSize` kutoka `PRICE_FILTER`, soma `stepSize` kutoka `LOT_SIZE`, na hizo sehemu za `Precision` ziache.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hata mtu aliyesoma hatua sahihi anaweza kukwama kwa namna kompyuta inavyotunza namba. Aina ya `float` katika Python huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haina umbo kamili katika mfumo huo, kama vile theluthi isivyo na umbo kamili katika desimali za kawaida. Fungua Python na uandike `0.3 / 0.1`, utapata `2.9999999999999996`. Ukiishusha namba hiyo hadi idadi kamili ya hatua, unapata 2, na oda uliyotaka iwe ya 0.3 inakwenda sokoni ikiwa ya 0.2. Soko litaipokea bila ujumbe wowote, na umepoteza theluthi ya oda kimyakimya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kukataliwa. Ukigeuza upande, `0.1 * 3` inatoa `0.30000000000000004`, na namba hiyo ikitumwa kama ilivyo itarudishwa kwa kuwa ina desimali nyingi kupita kiasi. Ujumbe wa kosa hilo huwa na namba `-1111`.

Dawa yake ni kuacha `float` kabisa katika njia yote ya bei na kiasi, na kutumia `Decimal`, ambayo hufanya hesabu kwa mfumo wa kumi kama tunavyofanya kwenye karatasi. Soko nalo hutuma namba zake nyingi zikiwa kama maandishi ndani ya alama za nukuu kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo unachotakiwa ni kuzipokea kama maandishi na kuzitia moja kwa moja ndani ya `Decimal`. Kazi yote ya kuweka namba kwenye hatua inatosha katika mistari hii:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_DOWN, ROUND_UP

def weka_kwenye_hatua(thamani, hatua, mwelekeo):
    thamani = Decimal(str(thamani))
    hatua = Decimal(hatua).normalize()
    if hatua == 0:
        return thamani
    idadi = (thamani / hatua).quantize(Decimal("1"), rounding=mwelekeo)
    return idadi * hatua
```

Inagawa thamani kwa hatua, inaifanya idadi ya hatua kuwa kamili kwa kushusha au kupandisha, kisha inazidisha tena. Kwa hatua ya 0.25 itafanya kazi sawasawa na kwa hatua ya 0.00001, au kwa jozi ambazo sarafu moja ndiyo hatua yenyewe. Angalia pia kwamba `str()` imewekwa makusudi. Ukiandika `Decimal(0.1)` bila alama za nukuu, kosa la mfumo wa mbili linaingia pamoja na namba na utapata mkia mrefu unaoanza na 0.1000000000000000055. Ukiandika `Decimal("0.1")`, unapata moja ya kumi kamili. Sharti la hatua kuwa sifuri nalo lina sababu: Binance huweka sifuri kumaanisha kwamba kanuni hiyo haitumiki, na utaiona mara nyingi ndani ya `MARKET_LOT_SIZE`, ambayo ni kichujio cha ziada kwa oda za bei ya soko. Bila sharti hilo programu itajaribu kugawa kwa sifuri na kusimama. Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba sifuri hiyo inazisamehe oda za bei ya soko. Kanuni za `LOT_SIZE` bado zinazihusu.

Limebaki jambo dogo la kutuma. Python ikiombwa kuandika `float` ya 0.00001 kama maandishi, huandika `1e-05`, na soko halijui herufi `e` katika kiasi. Litakurudishia kosa la `-1100` linalosema kuna herufi zisizoruhusiwa, na watu hutumia muda mrefu kutafuta herufi hiyo ndani ya jina la jozi au ndani ya saini. `Decimal` nayo hufanya hivyo kwa namba ndogo zaidi. Tumia `format(kiasi, "f")` kila unapoandaa oda, na namba itaandikwa kwa tarakimu na nukta tu.

Baada ya kuwa na chombo kinachofanya kazi, swali lenye uzito ni la mwelekeo: lini ushushe na lini upandishe. Kwa kiasi jibu ni moja, nami sijaona sababu ya kulivunja katika soko la papo kwa papo: kiasi hushushwa daima. Tufuate oda moja hadi mwisho ili sababu ionekane.

Tuseme una USDT 50, bei ya mwisho ni 67432.18, na unataka kununua kwa bei ya chini yake kwa asilimia 0.5. Bei hiyo ni 67432.18 mara 0.995, yaani 67095.0191. Kwa hatua ya 0.01 unaishusha kuwa 67095.01. Sasa ndipo unapotafuta kiasi, ukitumia bei hii iliyokwisha kuwekwa kwenye hatua na si ile ya kwanza, kwa sababu bei itakayofungia fedha zako ni hii. Gawa 50 kwa 67095.01 na utapata karibu 0.00074521. Kwa `round()` ya desimali tano kiasi hicho kinakuwa 0.00075. Kinagawanyika vizuri kwa hatua, kwa hiyo `LOT_SIZE` inakipitisha, lakini thamani yake ni USDT 50.32, nawe una 50. Oda inarudi na kosa la `-2010` la salio kutotosha, ambalo halina neno lolote linalokuelekeza kwenye hatua za kiasi. Ukishusha, unapata 0.00074, thamani yake ni USDT 49.65, na oda inapokelewa. Huyu `round()` ni mgumu kumshuku kwa sababu karibu nusu ya oda zake hushuka zenyewe na kupita. Nusu nyingine hupanda, na zinakwama ikiwa umetumia salio lote. Naamini hiyo ndiyo sehemu ya maelezo ya kwa nini oda zako nyingine zinapita na nyingine hazipiti.

Kwa oda ya kununua kwa bei ya soko, unaweza kuikwepa hesabu hii kabisa. Tuma `quoteOrderQty=50` badala ya `quantity`, na soko lenyewe litatafuta kiasi kinachokaribia USDT 50 bila kuvunja `LOT_SIZE`. Kwa oda za bei maalumu njia hiyo haipo, na lazima uhesabu mwenyewe.

Sasa tuone kwa nini kununua kunakubali na kuuza kunakataa. Oda yako ya 0.00074 imejaa. Kama hulipii ada kwa BNB, ada ya kununua hukatwa kwenye sarafu unayopokea, yaani kwenye BTC yenyewe. Kwa ada ya asilimia 0.1 unakatwa 0.00000074, na kinachoingia kwenye akaunti ni 0.00073926. Programu nyingi hufanya moja kati ya makosa mawili hapa. Ya kwanza hukumbuka kwamba ilinunua 0.00074 na kujaribu kuuza hiyohiyo, ikarudishiwa kosa la salio, kwa kuwa haina kiasi hicho tena. Ya pili husoma salio kwa uaminifu na kutuma 0.00073926, ikarudishiwa `LOT_SIZE`, kwa kuwa 0.00073926 ni hatua 73 na sehemu ya hatua. Maelezo yako yanafanana na kosa la pili. Njia sahihi ni kusoma salio lililo huru baada ya oda kujaa, kisha kulishusha kwa hatua hadi 0.00073, na kuuza hicho.

Zinazobaki ni 0.00000926 BTC, ambazo kwa bei hiyo ni kama USDT 0.62. Makombo haya huwezi kuyauza kwa oda ya kawaida. Binance ina huduma ya kubadilisha masalio madogo kuwa BNB, au unayaacha yajikusanye na oda zinazofuata. Katika hesabu zako za faida yaweke kando kama mali iliyobaki, kwa sababu ukiyahesabu kama hasara, taarifa zako zitaonyesha kwamba mkakati unapoteza zaidi ya asilimia moja katika kila mzunguko wa USDT 50, na utaulaumu mkakati bure. Ukilipa ada kwa BNB, BTC uliyonunua inaingia yote na tatizo hili linatoweka kwa kiasi kikubwa, alimradi BNB isiishe katikati ya siku. Ikiisha, ada inarudi kukatwa kwenye BTC. Ndiyo sababu napendekeza programu isome salio kila mara bila kutegemea dhana yoyote kuhusu namna ada ilivyolipwa.

Ipo hatari nyingine ndani ya mzunguko huohuo ambayo ninaiona kuwa nzito zaidi, nayo ni kununua kitu usichoweza kukiuza. Mbali na hatua, soko lina kiwango cha chini cha thamani ya oda, kilichomo kwenye kichujio cha `NOTIONAL` kwa jina la `minNotional`. Tuchukue kiwango cha USDT 5. Ukinunua 0.00008 BTC kwa bei ya 67095.01, thamani ni USDT 5.37, na oda inapita. Ada inakatwa, unabaki na 0.00007992. Ukiishusha kwa hatua ili uuze, unapata 0.00007, ambayo thamani yake ni USDT 4.70. Iko chini ya kiwango, na soko linakataa kuuza. Bei haikushuka hata senti. Kushusha hatua moja tu kumekufungia mali yako. Na ikiwa roboti iliweka kinga ya hasara kwa matumaini kwamba itauza bei ikianguka, kinga hiyo nayo haitapokelewa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, programu inapaswa kuihesabu oda ya kuuza kwanza: ondoa ada kwenye kiasi unachotaka kununua, kishushe kwa hatua, kizidishe kwa bei ya chini kabisa unayotarajia kuuzia, yaani bei ya kinga yako ya hasara, kisha ulinganishe na `minNotional`. Ikiwa haifiki, usinunue. Katika mfano huu wenye kinga ya asilimia 5 chini, bei ya kuuzia ni 63740.26, na kiasi kidogo kabisa kinachofikisha USDT 5 kwa bei hiyo ni 0.00008. Ili ubaki na 0.00008 baada ya ada, inabidi ununue 0.00009, kwa sababu 0.00009 ukitoa ada ni 0.00008991, nayo inashuka hadi 0.00008. Hiyo ni oda ya USDT 6.04. Kumbe kiwango cha USDT 5 kilichoandikwa na soko, kwa mtu anayetaka kutoka salama, kwa kweli ni zaidi ya 6.

Kuhusu bei, mwelekeo unategemea unachotaka. Oda ya kununua kwa bei maalumu ishushe, ya kuuza ipandishe. Kwa njia hiyo hutalipa zaidi ya ulichokusudia wala kupokea pungufu yake. Kwenye BTCUSDT tofauti ya 0.01 juu ya bei ya 67000 haina maana yoyote, na ndiyo maana watu hawaifikirii. Lakini kwenye sarafu za bei ndogo sana hatua moja inaweza kula faida yote. Tazama SHIBUSDT, ambayo hatua yake ya bei ni 0.00000001. Bei ikiwa 0.00001234, hatua moja peke yake ni takriban asilimia 0.08. Tuseme umenunua kwa bei hiyo na unataka kuuza kwa faida ya asilimia 0.22, ukijua kwamba ada za kununua na kuuza zitachukua 0.2. Bei unayolenga ni 0.000012367148. Ukiishusha inakuwa 0.00001236, toa ada mbili za asilimia 0.1, na mkononi kinabaki kama 0.000012335, chini ya ulichonunulia. Umeuza kwa hasara na roboti imeandika kwamba lengo limetimia. Ukiipandisha inakuwa 0.00001237, na baada ya ada kinabaki kama 0.000012345, faida ndogo lakini faida. Hapa mwelekeo wa kukadiria ndio unaoamua kama mkakati unapata au unapoteza, na kwa jozi kama hizi ningekushauri kwanza uhesabu hatua moja ni asilimia ngapi ya bei kabla ya kuweka lengo lolote lililo chini ya hatua nne au tano.

Bei ya kuchochea kinga ya hasara, inayotumwa kama `stopPrice`, hufuata mantiki tofauti kidogo. Kwa kinga ya kuuza ninaipandisha, kwa sababu bei iliyopandishwa iko karibu zaidi na soko na itachochewa mapema kwa hatua moja; kinga inayochelewa haifai. Na ukitaka oda isikutane na oda iliyopo papo hapo, yaani ya aina ya `LIMIT_MAKER`, kanuni ya kushusha ununuzi na kupandisha uuzaji ni ya lazima, kwani ukigeuza mwelekeo bei inaweza kugusa upande wa pili wa kitabu cha oda na soko likairudisha oda nzima. Kinyume chake, ukitaka oda ijae sasa hivi, usihesabu bei kwa asilimia halafu ukaikadiria. Chukua bei iliyopo tayari kwenye kitabu cha oda, ambayo kwa kuwa imeshapokelewa na soko inakaa kwenye hatua bila kuguswa.

Ukigawa mauzo katika sehemu kadhaa, usiigawe namba kwanza na kushusha kila sehemu kivyake. Una 0.00200 BTC na unataka kuuza katika sehemu tatu: theluthi moja ikishushwa ni 0.00066, tatu zinafanya 0.00198, na 0.00002 zimebaki bila mwenyewe. Uza mbili za 0.00066 na ya mwisho iwe chote kilichobaki, 0.00068. Hapo pia pima kila sehemu peke yake dhidi ya `minNotional`, kwani oda nzima inaweza kufikia kiwango huku theluthi yake haifiki.

Binance hubadilisha hatua za jozi mara kwa mara, hasa bei ya sarafu inapobadilika sana, na hutangaza kabla. Roboti iliyosoma `exchangeInfo` mara moja ilipowashwa na kuendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa itaamka siku moja na kukuta kila oda inarudi. Zisome hatua upya angalau mara moja kwa siku. Tena, ukipokea kosa la `-1013`, ambalo ndilo hubeba ujumbe wa `Filter failure`, zisome papo hapo, hesabu oda upya, na uitume mara moja tu. Ikirudi tena, simamisha jozi hiyo na umjulishe mtu. Nimeona programu zinazopunguza desimali moja kila zinapokataliwa hadi oda ipite, na njia hiyo naipinga kabisa: inaficha sababu, inatumia nafasi zako za maombi kwa soko, na mwisho wake inaweza kutuma oda ndogo kuliko uliyokusudia bila kukuambia.

Jina linalofuata baada ya `Filter failure:` ndilo linalokuambia utazame wapi, kwa hiyo liandike kwenye kumbukumbu za programu pamoja na bei, kiasi, na hatua zilizotumika wakati huo, namba zote zikiwa kama zilivyotumwa. `LOT_SIZE` inaweza kumaanisha kiasi hakiko kwenye hatua, au kiko chini ya `minQty`, au juu ya `maxQty`. `PRICE_FILTER` vivyo hivyo kwa bei. `NOTIONAL` haihusu hatua hata kidogo, bali ukubwa wa oda. Na ukiona `PERCENT_PRICE_BY_SIDE`, acha kuhangaika na kukadiria, kwa sababu bei yako iko mbali mno na bei ya wastani ya soko na hakuna hatua itakayoiokoa.

Kabla ya kutuma fedha halisi, peleka oda zako kwenye `/api/v3/order/test`. Anwani hiyo hupokea vigezo vilevile vya oda ya kweli na kuvikagua bila kuifikisha oda kwenye mtambo wa kulinganisha. Ipitishie namba zinazochokoza: kiasi ambacho ni hatua kamili, kiasi kilichozidi hatua kidogo sana, kiasi cha hatua moja tu, bei ya 0.3 kwenye jozi yenye hatua ya 0.1, na salio la 0.00073926 tulilolikuta hapo juu. Usiitumie kupima kama salio linatosha. Hilo libaki kuwa kazi ya programu yako yenyewe, kwa kulinganisha bei mara kiasi na salio lililo huru kabla oda haijaondoka.